Povu halitoki, chumvi imezidi?
"Maji ya kisima chetu kirefu sabuni haitoi povu, si ndo chumvi imezidi?"

Hapana, wengi tunachanganya hapo. Povu linauliwa na kalsiamu na magnesiamu, huo ndo ugumu wa maji. Chumvi ya kawaida tunaikamata kwa kupima kloraidi, na ni kipimo kingine kabisa.

Chukua mili 50 za maji, weka bafa ya pH 10 na kiashiria, yanakuwa mekundu kama divai, kisha dondosha EDTA ya 0.01 M, kemikali inayonasa kalsiamu na magnesiamu, huku unatikisa mpaka yageuke bluu kabisa (yakiwa zambarau bado, watu wengi wanaacha hapo mapema). Zikitumika mili 18, zidisha kwa 20, unapata ugumu wa miligramu 360 kwa lita, maji magumu sana hayo. Sampuli nyingine ya maji hayohayo, ukipima kloraidi kwa silva naitreti, inaweza kutoa miligramu 35 tu kwa lita, na ladha ya chumvi kwa kawaida huanza kusikika karibu na 250.

Naitreti je? Haina ladha wala haigusi povu, hiyo mpaka utumbukize kistripu chake cha kupimia.