Mafuta ya kukaangia yamewaka yenyewe: moto ulitoka wapi?

Shikamoo dada. Juzi nilikuwa nakaanga maandazi kwenye jiko la umeme, lile la sahani. Nikatoa ya mwisho, nikaenda mlangoni kumpokea mgeni. Niliporudi kulikuwa na moshi mzito, na kabla sijalifikia jiko, sufuria nzima ikashika moto. Hapakuwa na gesi, kiberiti wala mshumaa. Moto ulitoka wapi?

Marahaba. Ulitoka kwenye mafuta yenyewe, na pole sana kwa mshtuko.

Mafuta yakiwa kimiminika hayawaki. Ukitupia njiti ya kiberiti inayowaka kwenye mafuta baridi ya alizeti, njiti itazimika. Kinachowaka ni mvuke unaopanda kutoka juu ya mafuta na kuchanganyika na hewa, na mvuke huo huongezeka kadiri mafuta yanavyozidi kupata joto. Hapo ndipo kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya.

Hatua ya kwanza naiita joto la kumweka. Mafuta yakifika hapo, mvuke uliokusanyika juu yake unatosha kushika moto iwapo kuna mwali karibu: moto wa gesi, njiti, cheche. Bila mwali, hakuna kinachotokea. Kwa mafuta mengi ya mimea tunayonunua dukani, hatua hii iko karibu na nyuzi 320 za Selsiasi. Mwanzoni moto humweka juu ya mafuta na kufa, maana mvuke uliokuwapo umekwisha. Nyuzi 20 au 30 zaidi, mvuke unakuja kwa kasi ya kutosha, na moto ukishaanza hauzimiki.

Hatua ya pili ni joto la kujiwasha. Hapa mvuke una joto kiasi kwamba ukikutana na hewa unawaka bila kuguswa na mwali wowote. Kwa mafuta ya kupikia ni kati ya nyuzi 360 na 400 hivi, kutegemea aina ya mafuta na hali yake. Jiko lako la sahani halina mwali, kwa hiyo mafuta yako yalipanda yakapita hatua ya kwanza kimyakimya, yakaendelea hadi ya pili. Jirani yako mwenye jiko la gesi angeungua mapema kuliko wewe, kwa sababu mvuke hufurika ukingoni mwa sufuria, ukashuka na kukuta mwali uko pale pale chini.

Kwa hiyo mafuta yenye joto la kumweka la chini ndiyo yanayojiwasha haraka?

Hapana. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndiyo maana cheche moja kwenye kituo cha mafuta inatosha kuleta balaa. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kumweka. Lakini ukiyapasha yote mawili mahali pasipo na mwali, mafuta ya taa ndiyo yatakayojiwasha kwanza, kwenye nyuzi 210 hivi, wakati petroli bado inasubiri. Joto la kumweka hukuambia ni lini uogope mwali. Joto la kujiwasha hukuambia ni lini hata kuzima mwali hakutoshi. Jikoni unahitaji kuyajua yote mawili.

Lakini nimekaanga miaka yote kwenye jiko hilo hilo. Mbona siku zote hayawaki?

Kwa sababu siku zote kuna kitu cha kukaanga ndani. Andazi bichi, kiazi, samaki, vyote vimejaa maji. Yale mapovu unayoyaona yakichemka pembeni mwa andazi ni maji yanayotoka kama mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto jingi. Chakula ndicho kinachoyafanya mafuta yabaki kwenye nyuzi 170 au 180.

Ukitoa andazi la mwisho, breki imetoka. Maji kwenye sufuria hufika nyuzi 100 yakachemka na kubaki hapo hapo hata ukichochea moto. Mafuta hayana kituo kama hicho, yanapanda tu. Nusu lita ya mafuta kwenye sahani ya wati 1,500 iliyoachwa juu kabisa inaweza kutoka kwenye joto la kukaangia hadi joto la kujiwasha ndani ya dakika saba, nane au kumi hivi. Mafuta yakiwa machache, kama yale ya kukaangia kitunguu, ni upesi zaidi. Kumpokea mgeni, kumuuliza habari za nyumbani, kumkaribisha kiti: dakika hizo zimekwisha. Wengi wanadhani hatari ni wakati mafuta yanaruka na kupiga kelele. Mimi naogopa zaidi sufuria iliyonyamaza.

Kuna dalili yoyote kabla hayajawaka?

Ipo, na ni ya kuaminika. Mafuta safi ya dukani huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 220 au 230. Mwanzoni ni uzi mwembamba wa rangi ya buluu unaoelea juu ya mafuta, halafu unakuwa mweupe na mzito, na macho yanawasha kama umekata kitunguu. Kinachowasha ni akrolini, kemikali inayozaliwa mafuta yanapovunjika kwa joto. Wakati huo bado una nyuzi kama 100 mkononi kabla ya joto la kumweka. Zima jiko. Usiongeze mafuta baridi ukidhani utayapoza, na usibebe sufuria. Sahani ya umeme hubaki na moto hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo funika na uache.

Mafuta yaliyotumika mara nyingi hayakupi nafasi hiyo yote. Kila ukikaanga, yanavunjikavunjika kuwa vipande vyepesi vinavyogeuka mvuke upesi, na makombo ya unga yanabaki chini yakiungua. Mafuta ya namna hiyo hutoa moshi mapema na humweka mapema. Yakiwa meusi, mazito, na yanafuka moshi hata kabla hujatia kiazi, muda wake umekwisha, hata kama ukiyachuja yanaonekana yanafaa. Nawaambia hivi hasa kina mama wanaokaanga chipsi na mihogo kutwa nzima, maana wao ndio wanaosimama juu ya karai kwa saa nyingi.

Mume wangu alikimbilia ndoo ya maji, nikamzuia bila kujua kwa nini. Nilifanya sawa?

Ulimwokoa. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama moja kwa moja hadi chini, kwenye mafuta ya nyuzi 350 na zaidi. Yanageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Kijiko kimoja tu cha chakula kinatoa mvuke unaozidi ujazo wa ndoo ya lita 20, na mvuke huo uko chini ya mafuta. Unayarusha yote juu yakiwa matone madogo madogo, kila tone limezungukwa na hewa, na yote yanawaka kwa pamoja. Moto uliokuwa ndani ya sufuria unafika darini. Huko wodini kwetu, wanaoletwa baada ya kumwaga maji huwa wameungua uso, shingo na mikono yote miwili, kwa sababu walikuwa wameinama juu ya sufuria.

Unga nao usiutupie. Vumbi lake linawaka.

Basi nifanye nini?

Kama bado unaweza kulifikia jiko salama, zima. Chukua mfuniko wa chuma au sinia la bati lililo pana kuliko sufuria. Lishike mbele yako kama ngao, anzia ukingo ulio upande wako, kisha lisukume liteleze hadi lifunike sufuria yote. Usilidondoshe kutoka juu, maana moto utaruka kuja kwako. Moto ukikosa hewa unakufa ndani ya sekunde chache.

Kosa linalofuata ndilo linalowaunguza watu waliokuwa wameshashinda. Wanafunua kuchungulia. Mwali umekufa, lakini mafuta bado yamepita joto la kujiwasha. Ukiinua mfuniko unayaletea hewa, na yanawaka upya mbele ya uso wako. Acha limefunikwa angalau nusu saa, na kabla ya kugusa, sogeza kiganja karibu na ubavu wa sufuria bila kuigusa usikie kama joto limeisha. Mtungi wa unga wa kuzimia moto una shida hiyo hiyo: unaua mwali lakini haupozi mafuta. Tena ukiupuliza kwa karibu unaweza kuyamwaga. Kuna mitungi ya dawa ya maji iliyotengenezwa kwa moto wa mafuta ya kupikia, ambayo hugeuza uso wa mafuta kuwa povu la sabuni na kuyapoza. Migahawa inayokaanga kwa wingi inapaswa kuwa nayo.

Kwenye jiko la mkaa huwezi kuzima. Funika sufuria, ziba mlango wa majivu ili mkaa ukose hewa, kisha toka. Usinyanyue sufuria kuipeleka nje. Mkono utaungua, utatetemeka, mafuta yatamwagika miguuni na njia nzima itawaka.

Kama moto umeshashika pazia au dari, waite watu, toka na watoto, funga mlango wa jikoni nyuma yako, piga simu zimamoto.

Mgeni alirukiwa na mafuta kwenye mkono. Tulimpaka dawa ya meno. Je, tulikosea?

Ndiyo, ingawa mlifanya kwa nia njema. Mafuta yanayoganda kwenye ngozi yanaendelea kuipika hata baada ya kutoka jikoni, na dawa ya meno, samli, asali au yai vinalifunika joto hilo ndani. Hapa sasa ndipo maji yana kazi: mkono chini ya bomba, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili ukitazama saa. Barafu usiweke. Vua pete, bangili na nguo iliyolowa mafuta, isipokuwa iliyonata kwenye ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya jikoni, bila kukaza.

Mwambie aende kituo cha afya leo kama malengelenge yamezidi ukubwa wa kiganja chake, kama ameungua uso, mkono, kiungo au sehemu za siri, au kama ngozi imekuwa nyeupe, ngumu, na haiumi tena. Kutouma huko humaanisha kidonda kimeingia ndani.