"Zinki yako inaila boti yangu"

Boti yake ya alumini iko Pangani, yeye yuko Arusha, na wiki iliyopita kanifuata karakana Unga Limited akitaka nivitoe vipande vya zinki nilivyoifungia chini ili viliwe na kutu badala yake. Mpwa wake wa kidato cha sita kamwonyesha jedwali la elektrodi: alumini volti −1.66, zinki −0.76. "Mwenye hasi kubwa ndiye anayeliwa, fundi. Zinki yako inaila boti yangu." Huyu ni wa nne mwaka huu.

Kijana kasoma namba sawasawa, ila jedwali si la bahari. Hizo ni namba za metali tupu ndani ya myeyusho wa ioni zake yenyewe. Alumini ya boti haiko tupu hata dakika moja. Imejifunika utando wa oksidi, na kwenye maji ya bahari inasimama karibu na −0.8 ukipima kwa elektrodi ya kalomeli, ile ya kulinganishia. Zinki haina kinga ya namna hiyo, inabaki kwenye −1.0. Inayoliwa ni zinki. Kwa jedwali la mpwa, hata titani (−1.63) ingeliwa kabla ya chuma, wakati baharini titani ni katika metali za mwisho kabisa kuguswa.

Sikubishana. Nilikoroga gramu 35 za chumvi kwa kila lita ya maji kwenye ndoo, nikatumbukiza ganda la betri kuukuu ya tochi, ambalo ni zinki, na kipande cha sufuria. Waya mwekundu wa multimita kwenye alumini, mweusi kwenye zinki: ikasoma chanya, 0.2 na ushee. Kisha nikaisugua alumini kwa msasa humo humo majini. Namba ikaporomoka, halafu ikapanda tena polepole huku utando ukijijenga upya. Mwache mpwa naye ajaribu.

Wengine husema pengo la volti likiwa kubwa, kutu inakwenda mbio. Volti inakuambia nani ataliwa. Kasi iulize kwenye ukubwa wa eneo la kila metali. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba pana la alumini inavumilika. Ribiti ya alumini kwenye bamba la stenlesi haivumiliki, maana mkondo wa bamba zima unaishia kwenye kichwa kimoja.

Kwa sababu hiyo hiyo, usipake rangi upande unaoliwa peke yake. Ikichubuka kidogo tu, hapo hapo patatoboka. Anza na stenlesi.

Na wanaojaribia boti Bwawa la Nyumba ya Mungu: kwenye maji baridi zinki hujifunika gamba ikaacha kazi, ndiyo maana huwa nafunga magnesi. Lakini itoeni kabla ya kushuka pwani. Baharini magnesi inaisukuma alumini kwenye hasi kupita kiasi, alkali inazaliwa juu yake na kuuyeyusha ule utando. Mmoja alisahau, boti ilirudi rangi imefura malengelenge, na chini yake alumini imekuwa unga mweupe.