Kuchambua tovuti za washindani: maana yake na namna inavyofanyika

Kuchambua tovuti za washindani ni kuzitumia tovuti za wale mnaogombea nao wateja, hatua kwa hatua kama mteja angezitumia, kisha kuamua lipi uige, lipi uliepuke na wapi uwe tofauti. Neno la kushika hapo ni kuzitumia. Wengi hufungua ukurasa wa mwanzo wa kila mshindani, wakatazama rangi na picha, wakaondoka na maoni kwamba huyu amependeza na yule amechakaa. Mteja hakuja kutazama sura. Amekuja na shida yake, na tovuti ama imemfikisha ama imemwacha njiani.

Kwa hiyo kazi huanza na shida moja ya mteja. Tuchukue tovuti inayopokea kazi za kutafsiri nyaraka. Mteja wake wa kawaida ana cheti cha kuzaliwa cha ukurasa mmoja, na ofisi fulani inakitaka katika lugha nyingine. Maswali yake ni matatu: nitalipa kiasi gani, kitakuwa tayari lini, na je, ofisi ile itaipokea tafsiri hii? Yaandike kabla ya kufungua chochote, kisha uyatafutie majibu katika kila tovuti kwa kutumia cheti kilekile. Ukibadilisha kazi katikati, huna tena cha kulinganisha.

Washindani wanne au watano wanatosha. Usiwachague kwa majina unayoyajua wewe. Andika kwenye injini ya utafutaji maneno ambayo mteja angeandika, uone ni nani wanajitokeza. Huenda akatokea ambaye hukumdhania, kwa mfano ukurasa unaotoa kiolezo cha tafsiri ya cheti ili mtu ajijazie mwenyewe. Huyo hauzi unachouza wewe, lakini anamaliza shida ileile, na mimi ningemwingiza kwenye orodha bila kusita.

Tumia simu, na ufungue dirisha la faragha la kivinjari, maana kivinjari kinachokukumbuka kinaweza kukuonyesha kurasa tofauti na anazoziona mgeni. Piga picha ya kila skrini, andika tarehe, na uweke alama kila mahali uliposita: hukujua ubonyeze wapi, hukuelewa neno, au uliombwa kitu ambacho hukuwa tayari kukitoa. Kusita huko ndiko kunakobeba habari nyingi kuliko mengine yote utakayoandika.

Tuseme umepitia tovuti nne na matokeo ni haya. Zote zimeweka kitufe cha kuomba makadirio ya bei sehemu ya juu ya ukurasa, na zote zinapokea nakala ya cheti. Mbili zinamtaka mteja afungue akaunti kabla ya kupakia nakala hiyo. Tatu hazitaji bei yoyote. Hakuna hata moja inayojibu swali la tatu, la ofisi kuipokea tafsiri.

Kile ambacho zote zinafanana ndicho cha kuiga kwanza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alilieleza jambo hili kwa njia nyepesi: watu hutumia muda wao mwingi kwenye tovuti za wengine, kwa hiyo wanatarajia yako ifanye kazi kama zile walizozizoea. Ukikihamishia kitufe cha makadirio mahali pa pekee ili uonekane mbunifu, unamlazimisha mteja ajifunze upya jambo ambalo tayari alikuwa analijua. Ila kuiga kuna mpaka wake. Wazo la kuweka kitufe juu ya ukurasa halina mwenyewe, lakini maandishi, picha na msimbo wa mwenzako vina hakimiliki. Funga tovuti yake, kisha andika maneno yako.

Akaunti ya lazima inaonekana wazi kuwa ya kuepuka, lakini hapa ndipo wachambuzi wengi hujikwaa. Wewe unaona ukurasa, huoni matokeo yake. Hujui ni wangapi waliofika kwenye fomu ile wakaondoka. Pengine mshindani huyo anategemea makampuni yanayorudi kila wiki, ambayo akaunti inayapunguzia kazi. Pengine ulichokiona ni jaribio tu, ambapo nusu ya wageni wanaonyeshwa fomu moja na nusu iliyobaki wanaonyeshwa fomu tofauti. Kutenganisha kasoro ya kweli na kero yako binafsi, waombe watu watatu wasioijua tovuti hiyo wajaribu kupata makadirio huku wewe umetazama kimya. Wote wakikwama palepale, hapo pana kasoro. Soma pia maoni ambayo wateja wa washindani wameyaacha hadharani, ukitafuta lalamiko linalojirudia na si lile lenye ukali zaidi.

Msaada mwingine ni web.archive.org, hifadhi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambako unaweza kuona kurasa za tovuti nyingi zilivyokuwa miaka iliyopita. Kitu kilichobaki mahali pake ingawa tovuti imejengwa upya mara mbili au tatu huenda kinamfaa mwenyewe. Kikokotoo cha bei kilichokuwepo kisha kikaondolewa kinakuambia ujiulize kabla ya kutengeneza cha kwako. Hifadhi itakuonyesha kwamba kiliondoka. Sababu haitakwambia.

Yanabaki yale mapengo mawili: bei na kupokelewa. Pengo kwenye tovuti za wengine si lazima liwe nafasi yako, kwa kuwa mara nyingine limeachwa wazi kwa sababu nzuri. Bei ya tafsiri ni ngumu kutajwa mapema pale hati inapokuwa imeandikwa kwa mkono, mihuri imefifia, au lugha ina watafsiri wachache. Lakini cheti cha ukurasa mmoja kilichochapwa hakina ugumu huo. Kwa hiyo unaweza kutaja bei ya cheti cha aina hiyo peke yake, na chini yake ueleze ni mambo gani yataipandisha. Hapo umejitofautisha na wale watatu bila kuahidi usichoweza.

Swali la kupokelewa ndilo lenye uzito, na ndilo ningelipa muda wangu mwingi. Ofisi hutofautiana: moja inatosheka na tamko lililosainiwa na mtafsiri, nyingine inataka mtafsiri aliyeapishwa, nyingine inataka saini ithibitishwe na mthibitishaji wa serikali. Kuandika kwamba tafsiri zako zinakubalika kila mahali ni uongo, na mteja ataugundua akiwa dirishani, cheti mkononi. Unachoweza kufanya ni kuandaa ukurasa unaoeleza masharti ya ofisi ambazo wateja wako huzipelekea nyaraka mara kwa mara, wenye tarehe ya mwisho ya kuyahakiki, na unaosema wazi utafanya nini tafsiri ikikataliwa. Ukurasa huo una gharama ya kuutunza, na yawezekana hiyo ndiyo iliyowafanya wengine wauache. Kabla ya kuujenga, soma jumbe 30 za mwisho ulizotumiwa na wateja, uhesabu ngapi zinauliza habari ya kupokelewa. Zikiwa mbili, subiri kwanza. Zikiwa kumi na tano, anza kazi.

Tovuti yako mwenyewe iwe ya mwisho kupitiwa, kwa simu ileile na cheti kilekile, na kazi hiyo aifanye mtu ambaye hakuijenga. Wewe unajua kitufe kiko wapi hata kama hakionekani.