Halua ya Makalasinga hupokewa kwa mikono miwili

Kazi yangu ni kuongoza wageni, na katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi kituo kikubwa kwangu ni gurudwara ya Makindu, nyumba ya ibada ya Makalasinga, iliyojengwa mwaka 1926 pale walipokuwa wakisali wale waliofanya kazi kwenye reli. Wengi husimama kwa ajili ya chakula cha bure. Mimi huwaambia waanze ukumbini.

Viatu vinabaki nje, mikono inanawishwa, na kichwa kinafunikwa, mwanamke kwa mwanamume. Kofia ya michezo haifai. Leso au mtandio unatosha, na asiye na kitu hupewa kitambaa mlangoni. Sigara na tumbaku usiingie nazo hata zikiwa mfukoni.

Mbele kabisa, juu ya jukwaa lenye kitambaa kizuri, kipo kitabu, Guru Granth Sahib. Kwa Makalasinga kitabu hicho ndicho Guru wao aliye hai, na adabu zote za ukumbini zinatokana na hilo. Ndiyo maana watu wote hukaa chini, tajiri na kibarua kwenye zulia moja, na hakuna anayenyoosha miguu upande wa kitabu. Kunja miguu. Mwenye magoti mabovu aulize. Mara nyingi kuna viti nyuma. Wenyewe husujudu wanapoingia, lakini mgeni halazimiki: simama kidogo kwa utulivu, kisha ukae.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye parshadi. Ni halua, ila si ile ya Zanzibar inayonata. Hii ni unga wa ngano, samli na sukari kwa kipimo sawa, ukikaangwa kwenye samli mpaka unukie, kisha maji yenye sukari. Mgawaji hupita akiwa na bakuli. Siku moja kijana wa Pwani aliunyoosha mkono wa kulia peke yake, kama alivyofundishwa nyumbani kuwa ndiyo heshima. Donge la moto lenye samli likateleza hadi zuliani. Hakuna aliyemkaripia, lakini aliona haya mpaka tukatoka.

Pokea ukiwa umekaa, viganja viwili vimeungana kama unakinga maji ya bomba. Kama hutaki nyingi, sema "kidogo" kabla hajakuwekea, kwani ikishafika mkononi haitupwi. Samli itabaki viganjani; beba tishu.

Kisha twende kwenye langari, chumba cha kula. Chakula hakina nyama, kwa hiyo Mwislamu na Mhindu wanakula pamoja bila kuuliza aliyechinja. Ni dengu, mboga, wali na chapati, na chapati nayo ukinge kwa mikono miwili. Chukua kiasi utakachomaliza. Ukitaka zaidi utaongezewa. Kichwa bado kimefunikwa.

Bei haipo. Ukitaka kutoa kitu, sanduku liko ukumbini, mbele ya kitabu, au omba uoshe vyombo.