Alama 349 na alama 350: namna ya kupima kama ufadhili wa masomo umesaidia

Katika baraza moja la wazazi mtaani Langoni, hapa Amu, mzee mmoja alitutupia swali ambalo wengi wetu tunaolipwa kwa kazi ya takwimu hatupendi kuulizwa hadharani. Alisema: "Maalim, watoto mliowapa ufadhili ndio waliopasi vizuri tangu mwanzo. Wakimaliza kidato cha nne, mwajuaje kama ni pesa zenu zilizowafikisha au ni akili zao?" Swali lake lina njia ya kujibiwa, na njia hiyo haihitaji kumnyima mtoto yeyote kitu kwa ajili ya majaribio. Inatumia kanuni ambayo kamati za ufadhili hujiwekea zenyewe, yaani alama ya mpaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfuko mmoja kisiwani ulikuwa ukilipia karo ya sekondari kwa kila mtahiniwa aliyepata alama 350 au zaidi kati ya 500 katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa nchini Kenya kuanzia mwaka 1985 hadi 2023. Tunataka kujua kama karo hiyo iliongeza uwezekano wa mwanafunzi kufika kidato cha nne na kuukalia mtihani wa KCSE. Tukiwalinganisha wote waliopewa na wote walionyimwa, tuseme asilimia 90 ya waliopewa walifika na asilimia 60 tu ya walionyimwa. Tofauti ya pointi 30 inapendeza kwenye ripoti, lakini hapo ndipo mzee wetu anapotushika, kwa sababu mtoto wa alama 420 na mtoto wa alama 240 walikuwa wametofautiana kwa mengi kabla ya shilingi yoyote kutolewa.

Sasa tuwaache hao wa mbali na tuwatazame waliosimama kandokando ya mpaka. Mtoto wa alama 349 na mtoto wa alama 350 wametenganishwa na jibu moja au mawili, pengine kisio lililobahatika katika karatasi ya hisabati. Kwa wastani, bidii, hali ya nyumbani na shule walizotoka hazina sababu ya kubadilika ghafla kati ya alama hizo mbili. Kinachobadilika ghafla ni ufadhili. Basi ikiwa kiwango cha kumaliza shule nacho kinaruka mahali hapohapo, mruko huo tunaweza kuuhusisha na ufadhili. Wanatakwimu huiita mbinu hii urejeo wenye mkatiko, na walioiandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1960, ni Thistlethwaite na Campbell, waliokuwa wakichunguza tuzo za wanafunzi wa Marekani zilizotolewa kwa kufuata alama ya mpaka.

Shida ni kwamba watoto wenye alama 349 na 350 kamili ni wachache mno, kwa hiyo tunafungua dirisha pana kidogo. Tuseme tumewachukua wenye alama 335 hadi 349 upande wa chini, na 350 hadi 364 upande wa juu. Wa chini wamemaliza kwa asilimia 68 na wa juu kwa asilimia 83, tofauti ya pointi 15. Hatujafika bado, kwa maana hata ndani ya dirisha hilo alama kubwa huenda pamoja na kumaliza shule. Tukichora mstari kila upande, na mistari yote miwili ikaonyesha kwamba kila alama moja ya ziada huongeza kumaliza kwa pointi 0.4, basi umbali wa alama 15 kati ya vitovu vya makundi hayo mawili unaeleza pointi 6 peke yake. Zinazobaki ni pointi 9, na hizo ndizo mruko wenyewe: mstari wa chini unafika mpakani ukiwa asilimia 71, wa juu unaanzia hapo ukiwa asilimia 80.

Tena kamati zetu zina huruma, na huruma huingia katika hesabu. Baadhi ya waliofaulu hawakuchukua ufadhili kwa sababu walipata mfadhili mwingine, na baadhi ya waliokosa walikata rufaa wakakubaliwa. Tuseme mpakani, upande wa juu waliopokea ni asilimia 85 na upande wa chini ni asilimia 10. Kuvuka mpaka, basi, kuliongeza kupokea kwa pointi 75 tu, wala si 100. Tunagawanya 9 kwa 0.75 na kupata pointi 12. Hilo ndilo jibu la mzee, na liko chini ya nusu ya zile 30 za mwanzo. Linawahusu wale ambao kupokea kwao kulitegemea upande wa mpaka walioangukia.

Kabla ya kuliamini, yako mambo ambayo mimi huyakagua kwanza. KCPE ilisahihishwa kitaifa, kwa hiyo mwalimu wa hapa hakuweza kumsogeza mwanafunzi kutoka 348 hadi 350. Lakini kamati iliweza kuusogeza mpaka wenyewe. Ikiwa matokeo yametoka kwanza, kisha wanakamati wakakaa na orodha mezani wakaamua kwamba mwaka huu mpaka uwe 347, yafaa kuuliza ni mtoto wa nani aliyepata 347. Palipo na mtihani unaosahihishwa shuleni, hesabu idadi ya watoto katika kila alama: wakiwa wachache kwenye 348 na 349 kisha wakajaa ghafla kwenye 350, kuna mkono wa mtu. Angalia pia mambo ambayo ufadhili hauwezi kuyabadilisha, kama vile umri wa mtoto siku ya mtihani au elimu ya mama yake. Hayo nayo yakiruka mpakani, ulinganisho umeharibika. Na kwa kuwa 350 ni namba ya mviringo, huenda mfadhili mwingine naye ameichagua, na hapo mruko ni wa wafadhili wawili bila njia rahisi ya kuwatenganisha.

Kikwazo kikubwa kwa kaunti yenye watu wachache kama Lamu ni idadi. Katika mfano wetu, tukiwa na watoto 200 kila upande wa dirisha, ule mruko wa pointi 9 unakuja na wasiwasi wa takriban pointi 17 juu na chini, yaani hatuwezi hata kusema kama ufadhili ulisaidia au ulidhuru. Tukiwa na 2,000 kila upande, wasiwasi unashuka hadi pointi 5 hivi. Ndiyo maana huunganisha miaka kadhaa, kila mwanafunzi akipimwa kwa umbali wake kutoka mpaka wa mwaka wake. Kupanua dirisha huongeza watoto, ila huwaingiza wasiofanana, na mstari ulionyooka huenda usiwatoshe. Kwa hiyo hesabu hurudiwa kwa madirisha tofauti, na mruko unaoonekana katika dirisha moja tu mimi siutegemei.

Hata hizo pointi 12 zinamhusu mtoto aliye karibu na alama 350. Hazituambii lolote kuhusu mtoto wa Faza, kisiwani Pate, mwenye alama 290, ambaye pengine kinachomzuia si karo bali nauli ya boti. Aidha hesabu yote hii haiwezekani bila majina na alama za waombaji waliokataliwa, na hayo ndiyo mafaili ambayo kamati nyingi hutupa mara tu barua za kukubaliwa zinapotoka.