Tai wa kahawia asiyejulikana: mara nyingi ni pungu mchanga

Picha tunayoletewa mara kwa mara katika idara yetu ya ndege ni ya tai wa rangi ya kahawia aliyetua juu ya mti mkavu. Aliyeipiga huwa amekwisha kupekua kitabu chake cha ndege na kumkosa, au ameridhika kwamba ni tai mla nyoka na anataka tu tumthibitishie. Picha nyingi za aina hii zikitoka Ruaha, Mikumi, Serengeti au Tsavo, ndege aliyemo ni pungu ambaye hajakomaa.

Pungu mkubwa hasumbui mtu. Mwili wake ni mweusi, mgongo una wekundu wa kutu, uso na miguu ni myekundu kama pilipili iliyoiva, na mkia ni mfupi kiasi kwamba akiwa angani vidole vyake huonekana vikichomoza nyuma yake. Ukimwona mara moja humsahau. Mtoto wake hana hata kimoja kati ya hivyo. Ni wa kahawia kuanzia utosini hadi mkiani, ngozi ya uso wake ni ya kijivu iliyochanganyika na kijani au buluu, miguu imepauka, na mkia wake ni mrefu kuliko wa wazazi wake kwa sentimita kadhaa.

Kinachowapoteza watu zaidi ni ukubwa. Mtoto wa pongo mwenye madoa anatembea karibu na mama yake akiwa mdogo kabisa, kwa hiyo hata asiyejua rangi zao anaelewa kwamba huyu ni mtoto na yule ni mzazi. Ndege hawakui hivyo. Pungu hutaga yai moja tu, huliangua baada ya takriban siku 55, na kinda hukaa kwenye tundu miezi mitatu hadi minne. Siku anayoruka kwa mara ya kwanza, mwili wake umeshafikia kimo cha wazazi wake. Mtu anayemwona anaona tai mkubwa, kamili, mwenye rangi nyingine, na akili inamwambia kwamba ni aina nyingine. Ni hitimisho la haki kabisa kwa mtu aliyeangalia ukubwa na rangi peke yake.

Na hali hiyo haiishi haraka. Pungu hubaki wa kahawia kwa miaka kadhaa, kisha mabaka meusi huanza kujitokeza kila anapobadilisha manyoya, uso ukigeuka taratibu kutoka kijani-kijivu kwenda manjano na hatimaye nyekundu. Mkia nao hupungua urefu kila manyoya mapya yanapoota. Hadi avae rangi kamili za mtu mzima, amefikisha miaka sita hadi minane. Maana yake ni kwamba katika eneo lolote ambalo pungu wanazaliana vizuri, wapo wengi wasiofanana na picha kubwa iliyo kitabuni.

Sasa tuchukue picha moja ya kawaida tuipitie. Tai wa kahawia, juu ya mti mkavu kando ya barabara inayokatiza Mikumi, na maelezo yanasema "tai mla nyoka". Miguu imepauka, lakini hiyo haitusaidii kwa sababu tai mla nyoka wa kahawia naye ana miguu ya namna hiyo. Kwamba mwenye picha alimwona akila nyoka hakutusaidii pia, maana pungu hula nyoka vilevile. Tunaanza na jicho. Tai mla nyoka ana jicho kubwa la manjano linalong'aa, na huonekana hata kwenye picha isiyo safi sana. Huyu ana jicho jeusi-kahawia linalozama kwenye manyoya. Baada ya jicho tunaangalia mkia: wa tai mla nyoka una mistari myembamba myeupe inayoukata kwa upana, ilhali huu ni wa kahawia mtupu. Mwisho ni kichwa, ambacho kwa pungu ni kikubwa na manyoya ya kisogoni yamefura kana kwamba amejifunika kofia ya koti. Jicho na mkia vikikubaliana hatuna haja ya kuendelea. Tunaandika pungu, mchanga.

Akiwa angani ni rahisi zaidi, kwa kuwa umbo la mbawa na namna ya kuruka havisubiri miaka. Pungu mchanga huruka kama mzazi wake: mbawa ndefu zimeinuliwa kidogo kama herufi V, hazipigi ila mara chache, na mwili unayumba kushoto na kulia. Tai mla nyoka hutandaza mbawa zake karibu bapa, na ukimtazama kutoka chini unaona weupe wa fedha kwenye manyoya marefu ya bawa, ukipakana na kahawia nzito ya mwili. Tatizo ni kwamba mkia mrefu wa pungu mchanga humfanya asionekane "kukatika" nyuma, na wengi wamefundishwa kumtambua kwa alama hiyo moja tu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu pungu yuko katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ni miongoni mwa ndege wanaofika kwanza kwenye mizoga, hata midogo, na hivyo hufa mapema pale mzoga unapotiwa sumu ili kuua simba au fisi. Tai wa kahawia akiokotwa kando ya mzoga na kuandikwa kwa jina la aina nyingine, kifo cha pungu kimepotea kwenye kumbukumbu. Lipo na la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Pungu wakubwa huishi miaka mingi, kwa hiyo eneo linaweza kuendelea kuonyesha weusi wenye nyuso nyekundu muda mrefu baada ya uzazi kukwama. Njia ya kujua mapema ni kuhesabu wale wa kahawia. Mhesabuji asiyewatambua hawezi kujua kama pungu wa eneo lake wanajijaza upya au wanazeeka tu.

Mkanganyiko kama huu upo pia ziwani. Furukombe, yaani tai mla samaki, akiwa mchanga hana kichwa cheupe safi wala tumbo la rangi ya kutu. Ana michirizi ya kahawia na weupe uliochafuka, na ncha ya mkia wake ina giza. Huchukua miaka minne au mitano kukamilika.

Kwa wanyama wa miguu minne nitataja moja tu, kwa kuwa linahusu usalama wa watu. Watoto wa simba huzaliwa na madoa, na mara nyingine huripotiwa kuwa ni wa chui. Doa la kutazama liko nyuma ya sikio: la chui ni jeusi lenye alama nyeupe, la simba ni jeusi bila alama hiyo. Litazame kwa mbali, kwenye picha iliyokuzwa, kwa sababu katika hali zote mbili mama anaweza kuwa karibu hata kama humwoni.

Ukituletea picha ya tai wa kahawia, jitahidi kichwa kionekane kwa ubavu ili tulione jicho, na upige nyingine inayoonyesha mkia wote. Andika tarehe na mahali, na kama alikuwa na tai mwingine wa rangi tofauti karibu naye, taja hilo pia, kwani pungu wachanga hukutana na wakubwa kwenye mizoga. Kwenye fomu ya kuhesabu, usimwache kwenye safu ya "tai asiyejulikana" kabla hujaangalia jicho.