Asilimia ndogo si lazima iwe mkopo nafuu

“Benki moja inatoza riba 12%, nyingine 18%. Ya 12% si ndiyo nafuu?”

Hapana, si lazima. Tafuta kwanza riba inapigwa juu ya nini. Chukua mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12. Ikiwa 12% inapigwa kwa mkopo wote, utalipa riba 144,000, ingawa kila mwezi deni linapungua. Ikiwa 18% inapigwa kwa salio lililobaki tu, riba yote ni kama 120,000. Ndiyo maana nasisitiza uombe jedwali la marejesho kabla ya kusaini: safu ya riba ikishuka kila mwezi, inahesabiwa kwa salio.

Ada nayo mara nyingi hukatwa mapema. Ada ya 3% itakuachia mkononi 1,164,000, na riba bado itahesabiwa kwa 1,200,000.

Kwenye kifungu cha kuchelewa, soma neno linalofuata asilimia. Faini ya 5% ya rejesho la 112,000 ni 5,600. Ikiwa ni ya salio la 1,000,000, ni 50,000.